Mbao za Mafinga, Deni la Mbeya: Nani Aamue?

Jioni hii tunaongelea ugomvi wa kibiashara na mahali pa kuupeleka. Njia kubwa ni tatu: kwa msuluhishi, kwa mwamuzi, au mahakamani. Wengi wetu tunaijua hiyo ya tatu tu, na hata hiyo tunaikumbuka pale tunapokuwa tumeshakasirika.

Kwanza tuelewane majina. Nitayatumia kama wanavyoyatumia watu wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoshughulikia migogoro ya kazi. Msuluhishi anawakutanisha wagomvi, anawasikiliza, anawasaidia wapatane, lakini hana mamlaka ya kusema nani amlipe nani. Mwamuzi naye mnamchagua wenyewe, mnampa kesi yenu, na akishaamua mmefungwa na uamuzi wake. Hakimu hamkumchagua. Amewekwa na dola, na nyuma yake kuna dalali wa mahakama. Hapo ndipo njia hizi zinapotengana: neno la mwisho ni la nani, na asiyeridhika atalazimishwa na nani.

Sasa tuchukue mfano. Ni mfano wa kutunga, ila kila anayefanya biashara ya mbao ataona sura yake humo. Mwenye kiwanda kidogo cha kuchana mbao Mafinga, anayenunua magogo ya paina jirani na Shamba la Miti Sao Hill, anakubaliana na mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mwanjelwa, Mbeya. Malori matatu ya mbao kavu za kupaulia, kila lori shilingi milioni 20. Jumla milioni 60. Mnunuzi analipa milioni 25 za kuanzia. Lori la kwanza na la pili yanafika, mbao zinashushwa na zinauzwa. Lori la tatu linafika kipindi cha mvua. Wiki mbili baadaye mbao zimeanza kupinda ghalani, na mafundi wanazirudisha. Mnunuzi anatuma picha kwa simu: "Mzee, hizi mbao ni mbichi, mimi silipi." Muuzaji anajibu kwamba zilitoka kiwandani zikiwa kavu, zimelowa ghalani kwako. Milioni 35 zimekwama. Miezi minne inapita, simu hazipokelewi tena.

Waende wapi hawa?

Tuseme wanakwenda kwa msuluhishi. Anaweza kuwa mtu aliyependekezwa na chemba ya wafanyabiashara, mwanasheria, au mstaafu anayeijua biashara ya mbao. Anayeifanya kama huduma rasmi ya kulipwa anatakiwa awe amesajiliwa, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2021. Kazi ya msuluhishi mzuri huanza kwa kuwatenganisha. Anakaa na huyu peke yake, kisha na yule peke yake, na anachoambiwa chemba hakipeleki upande wa pili bila ruhusa. Humo ndimo ukweli unapotoka. Kwa mfano, atamwuliza mnunuzi: malori mawili ya kwanza yalikuwa na tatizo? Hapana. Uliyauza? Ndiyo. Basi hesabu inasomeka yenyewe: malori mawili ni milioni 40, umelipa 25, kwa hiyo milioni 15 unadaiwa na huna ubishi nazo. Ugomvi wenyewe ni wa lori moja, milioni 20.

Hapo kesi ya milioni 35 imepungua karibu nusu, na hakuna aliyeapishwa wala kushindwa. Tuseme katika lile lori la tatu wanakubaliana kupunguza milioni 6 kwa ajili ya mbao zilizopinda, na mnunuzi alipe milioni 14 kwa awamu mbili. Ukijumlisha na zile 15, muuzaji anapata milioni 29. Na kwa sababu wameongea, wanaweza kuweka jambo ambalo hakimu hawezi kuliamuru: oda ijayo mbao zianikwe siku kadhaa kabla ya kupakiwa, na mnunuzi amtume kijana wake Mafinga azikague kabla lori halijaondoka. Hukumu ya mahakama hutazama lililopita. Makubaliano yanaweza kupanga na msimu ujao.

Lakini hapa kuna shimo ambalo watu wengi hutumbukia. Karatasi mliyosaini kwa msuluhishi wa nje ya mahakama ni mkataba, basi. Inawabana kama mkataba wowote unavyobana, lakini huwezi kuichukua moja kwa moja kwa dalali ukamwambia akakamate pikipiki ya mtu. Mwenzio asipolipa awamu ya pili, itabidi ufungue shauri juu ya mkataba huo mpya. Ni kweli shauri hilo litakuwa jepesi, kwa kuwa mdaiwa amekiri deni kwa saini yake. Bado ni shauri.

Na kuna saa inayotembea nyuma ya ukuta. Madai ya mkataba katika mahakama zetu yana ukomo wa miaka sita. Mazungumzo peke yake hayasimamishi saa hiyo. Kinachoianzisha upya ni mdaiwa kukiri deni kwa maandishi aliyoyasaini kabla muda haujaisha. Kwa hiyo hata kama usuluhishi umevunjika, ukiweza kuondoka na karatasi inayosema "nakiri kudaiwa milioni 15 za malori mawili ya kwanza", hujaondoka mikono mitupu.

Njia ya pili, mwamuzi. Sheria yetu ya sasa kuhusu kazi hii ni ya mwaka 2020, ilianza kutumika Januari 2021, na iliondoa ile ya zamani ya enzi za mkoloni, ya mwaka 1931. Mlango wa kuingilia ni makubaliano ya maandishi. Kama mkataba wa mbao hauna kifungu cha kuupeleka mgogoro kwa mwamuzi, na mwenzako sasa hataki, huwezi kumburuta. Lakini kama kifungu kipo, wewe ndiye huwezi kukikwepa. Ukikimbilia mahakamani, mwenzako ana haki ya kuiomba mahakama isimamishe shauri lako, mradi aombe mapema kabla hajaanza kujibu hoja za kesi yenyewe.

Mwamuzi mnayemchagua anaweza kuwa mtu wa fani. Kwenye ugomvi wa mbao hilo ni jambo kubwa. Mtu aliyesomea misitu anapima unyevu wa mbao kwa kifaa, anatazama jinsi zilivyopangwa ghalani, anajua paina iliyochanwa ikiwa mbichi inapinda vipi na iliyolowa mvua inaharibika vipi. Anasikiliza ushahidi wa pande zote, kisha anatoa tuzo kwa maandishi na sababu zake. Na kikao ni cha faragha. Mahakamani mlango uko wazi kwa yeyote, na hukumu za mahakama za juu huwekwa kwenye mtandao wa TanzLII zikiwa na majina ya wahusika. Kwa mfanyabiashara anayeishi kwa jina lake, faragha ina bei.

Tuzo hiyo inabana kiasi gani? Sana. Mahakama Kuu haitaisikiliza kesi upya eti kwa sababu hukupenda matokeo. Hoja za kuipinga ni chache: kwamba mwamuzi hakuwa na mamlaka juu ya jambo lile, au kwamba utaratibu ulivurugwa vibaya, kwa mfano upande mmoja haukupewa nafasi ya kusikilizwa. Na muda wa kwenda kupinga ni mfupi, siku 28. Kusema "mwamuzi amekosea kupima ushahidi" kwa kawaida hakukufikishi mbali. Mfanyabiashara aliyezoea kwamba kuna rufaa, na juu ya rufaa kuna rufaa nyingine, lazima alijue hili kabla hajasaini: hapa nafasi ni moja.

Ila mwamuzi hana dalali. Mdaiwa akikaidi, tuzo inapelekwa mahakamani, mahakama ikiridhia inakaziwa kama hukumu. Kwa hiyo mahakama iko palepale mwisho wa njia. Tena mwamuzi anawabana waliosaini tu. Kama mnunuzi wetu alisema "ndugu yangu atanidhamini", na huyo ndugu hakusaini kifungu kile, mwamuzi hamgusi.

Halafu kuna gharama. Mshahara wa hakimu unalipwa na serikali. Mwamuzi mnamlipa nyinyi, pamoja na ukumbi na safari zake. Nimeona mikataba ya biashara ndogo imenakiliwa kutoka mahali fulani, imeandikwa kwamba mgogoro utaamuliwa na waamuzi watatu, na kikao kitakaa nje ya nchi. Kwa deni la milioni 35! Watu watatu wa kulipwa, kila mmoja na tiketi yake. Kifungu kama hicho kinamlinda mdaiwa mkaidi, kwa sababu anajua hutathubutu kuanza.

Sasa mahakama. Katika mfano wetu, ipi? Mahakama ya mwanzo inasikiliza madai ya mali inayohamishika yasiyozidi milioni 30. Milioni 35 imepita hapo. Shauri la kibiashara la namna hii linakwenda mahakama ya wilaya, ambayo kwa mashauri ya kibiashara ya fedha na mali inayohamishika mpaka wake ni milioni 70. Sasa rudi kwenye ile hesabu ya msuluhishi. Kama zile milioni 15 zingelipwa, ugomvi uliobaki wa milioni 20 ungetosha mahakama ya mwanzo, ambako mambo ni mepesi zaidi na taratibu za ushahidi hazina ukali uleule. Kuyatenganisha madai kunakupunguzia hata ngazi ya kupanda.

Na ufungue wapi? Pale mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au pale chanzo cha madai kilipotokea, japo sehemu yake. Mtu wa Mafinga akilazimika kufungua Mbeya, kila tarehe ya kesi ni safari ya zaidi ya kilomita 200 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Kesi ikiahirishwa kwa sababu shahidi hakutokea, nauli imekwenda na siku ya kuchana mbao imepotea.

Hatua zenyewe ziko hivi. Unaanza na barua ya madai yenye siku maalumu za kulipa. Kisha hati ya madai mahakamani. Mdaiwa akishafikishiwa wito ana siku 21 za kuleta utetezi wake wa maandishi. Halafu kinakuja kitu ambacho wengi hawakitarajii: kabla kesi haijasikilizwa, sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inaitaka mahakama iwapeleke kwanza kwenye usuluhishi. Ndiyo, mnarudi palepale kwa msuluhishi, safari hii ndani ya mahakama. Muda wake ni siku 30 tangu kikao cha kwanza. Yaliyosemwa humo hayatumiki kama ushahidi baadaye. Na kutokuja bila sababu ya maana si jambo dogo: ukiwa mdai, shauri linaweza kufutwa, ukiwa mdaiwa, utetezi wako unaweza kuondolewa.

Hapa ndipo lile shimo la kwanza linapozibwa. Mkipatana katika usuluhishi wa mahakama, makubaliano yanasajiliwa na kuwa amri ya mahakama. Mnunuzi asipolipa awamu ya pili, unaomba ikaziwe, huanzi shauri jipya. Na kwa kuwa mmekubali wenyewe, amri ya namna hiyo haikatiwi rufaa kama hukumu za kawaida. Una upole wa mapatano na meno ya mahakama, kwa wakati mmoja.

Wenye mashamba na viwanja wanalijua jambo linalofanana na hili kutoka upande mwingine. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu. Yakishindwa ndani ya siku 30, ndipo unakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kwa hiyo kama ugomvi wako ni wa kiwanja cha ghala, usimwendee mjumbe wa baraza la kata ukitegemea akupe ushindi.

Ngoja nikupeleke kidogo Chunya na Songwe, kwenye dhahabu, ili tuone njia hizi zinavyochanganyika pesa inapokuwa kubwa. Kampuni ya Kanada iitwayo Winshear ilikuwa na mradi wa utafiti wa dhahabu uliopewa jina la maeneo mawili, Saza na Makongolosi. Baada ya sheria za madini kubadilishwa mwaka 2017, leseni za kuhodhi maeneo zilifutwa, na ya mradi huo ikiwemo. Kampuni haikufungua kesi Mbeya. Ilitumia mkataba wa ulinzi wa uwekezaji kati ya Tanzania na Kanada, na mwaka 2020 ikapeleka madai kwenye kituo cha Benki ya Dunia kinachoshughulikia migogoro ya uwekezaji, Washington, mbele ya jopo la waamuzi. Ikafika Oktoba 2023, tuzo haijatolewa, pande mbili zikapatana: dola milioni 30, na shauri likaishia hapo.

Tazama kilichotokea. Jopo la waamuzi lilikuwapo, lakini namba ya mwisho hawakuitaja wao. Waliitaja wagomvi. Kila upande uliangalia uamuzi unaokuja, ambao usingekuwa na rufaa ya kawaida, ukapima hatari yake, ukaona afadhali uandike mwisho wake wenyewe. Mapatano yalipata nguvu kwa sababu kulikuwa na mwamuzi anayesubiri. Hata kwa mwenye duka wa Mwanjelwa ni vivyo hivyo: anayejua kwamba tarehe fulani shauri litafunguliwa anasikiliza kwa masikio mengine.

Na kuna wafanyabiashara wa mkoa wa Mbeya na jirani zao ambao kwao mwamuzi ndiye chaguo la kwanza: wanaouza ng'ambo ya mpaka. Unapeleka mchele au saruji kupitia Tunduma kwenda Zambia au Kongo, au kupitia Kasumulu kwenda Malawi, na mnunuzi mali zake zote ziko kwao. Hukumu ya hakimu wa Mbeya itahitaji kutambuliwa huko, na njia ya kutambuliwa hutofautiana nchi kwa nchi. Tuzo ya mwamuzi ina barabara iliyokwisha chongwa: Mkataba wa New York wa mwaka 1958, unaozitaka nchi wanachama kutambua na kukazia tuzo zilizotolewa nchi nyingine. Tanzania iliingia 1964, Zambia 2002, Kongo 2014, Malawi 2021. Kwa mzigo wa kuvuka mpaka wenye thamani ya kutosha, ada ya mwamuzi inajilipa.

Sasa turudi kwa watu wetu wa mbao. Ushauri wangu hauna mafumbo. Deni la milioni 35, ndani ya nchi, kati ya watu wanaoweza kuuziana tena: msuluhishi kwanza, kwa muda uliowekwa mwisho, na nyuma yake mahakama ya wilaya. Mwamuzi wa kulipwa awekwe pale fedha ni nyingi, au jambo ni la kitaalamu kama ujenzi, au mwenzako yuko nje ya mpaka. Na kama mdaiwa anahamisha mali usiku, usikae kusuluhishwa hata siku moja. Nenda mahakamani ukaombe zuio, kwa sababu msuluhishi hawezi kuzuia lori lisiondoke.

Yote haya yanaamuliwa siku ya kusaini, mkiwa bado mnacheka. Kwa biashara ya kawaida kifungu kinaweza kuwa kifupi hivi: "Ukitokea mgogoro, pande mbili zitakutana ndani ya siku 14 tangu mmoja kumwandikia mwenzake. Zisipoafikiana, zitakwenda kwa msuluhishi mmoja zitakayemkubali, kwa muda usiozidi siku 30, gharama nusu kwa nusu. Ikishindikana, upande wowote unaweza kwenda mahakama yenye mamlaka."

Mkitaka mwamuzi, ongezeni mambo manne: ni mwamuzi mmoja au watatu, nani atamteua mkishindwa kukubaliana, kikao kitakaa mji gani, na kwa lugha gani. Andikeni wazi kwamba uamuzi wake utakuwa wa mwisho, maana mikataba mingi ya Kiswahili inatumia neno usuluhishi kwa mambo yote mawili, na mgogoro ukija mnaanza kugombania hata hilo. Na msiandike "kwa mwamuzi au mahakamani". Hilo neno "au" limewalipia mawakili wengi ada.

Jambo la mwisho ni la mbao zenyewe. Hakimu, mwamuzi na msuluhishi wote watauliza swali lilelile: mkataba ulisema mbao kavu kiasi gani, zikaguliwe wapi, na mnunuzi ana siku ngapi za kulalamika baada ya kushusha? Wetu hawa waliandika "mbao kavu" tu. Wangeongeza mistari miwili, kwamba ukaguzi ni Mafinga kabla ya kupakia, na malalamiko ni ndani ya siku saba, ugomvi wa lori la tatu ungekuwa na jibu kabla haujafika kwa mtu yeyote kati ya hao watatu. Ukipata nafasi leo, toa mkataba wako wa mwisho uliosaini, uangalie kama mistari hiyo imo, na kama kifungu cha migogoro mlichokiandika mnaweza kukigharamia.